Taiti Haijaribiwi kwa Kusimama Wima

Tarehe 18 Machi 2013, kampuni ya mavazi ya mazoezi ya Lululemon, yenye makao makuu Vancouver nchini Kanada, ilitangaza kwamba inaziondoa madukani suruali zake nyeusi za yoga. Hazikuwa chache: zilikuwa kama asilimia 17 ya suruali zote za kike ilizokuwa ikiuza katika maduka yake. Kasoro haikuwa ya mshono wala rangi iliyochuja. Suruali zilikuwa zinaonyesha. Mwanamke akisimama wima mbele ya kioo haoni cha kumtia shaka, lakini akiinama kugusa vidole vya miguu, aliye nyuma yake anaona mpaka rangi ya nguo ya ndani.

Siku chache baadaye mkurugenzi mkuu wa wakati ule, Christine Day, alizungumza na wachambuzi wa masoko ya hisa. Alieleza kwamba kitambaa kile, ambacho kampuni inakiita Luon, kilikuwa kimepita vipimo, ila kwa kuponea chupuchupu, na kwamba vipimo vyenyewe vilikuwa na mapungufu. Kisha akasema jambo lililobebwa na magazeti mengi: njia pekee ya kuligundua tatizo lile ni kuivaa suruali na kuinama. Kiwanda cha Eclat cha Taiwan, kilichokuwa kikiwauzia kitambaa hicho, nacho kilijitetea kwamba kilitengeneza kile kilichoagizwa.

Pande zote mbili zingeweza kuwa zinasema kweli. Kitambaa kilekile kinaweza kuwa sitara kikiwa kwenye hanga na kikaonyesha kikiwa kwenye nyonga, kwa sababu kuonyesha si tabia ya kitambaa peke yake. Ni matokeo ya kitambaa kuvutwa, na kiasi cha kuvutwa huamuliwa na mwili, saizi na tendo. Mnunuzi akilielewa hilo, hata akiwa mbele ya rundo la mitumba la Karume au Gikomba, anaweza kupima mwenyewe kile ambacho maabara ya kampuni kubwa ilishindwa kukipima.

Vitambaa vya taiti havifumwi kama khanga, ambayo nyuzi zake hupishana wima na mlalo bila kuacha nafasi ya kusogea. Vinafumwa kwa vitanzi vidogo sana vilivyoshikana, mtindo uleule wa sweta. Kitambaa kikivutwa, kila kitanzi hubadili umbo na kufunguka, na katikati yake panabaki upenyo. Uzi wenyewe haujapungua wala kuongezeka. Uliokuwa umefunika eneo dogo sasa umelazimika kufunika eneo kubwa, na mwanga unapita katika nafasi zilizoachwa.

Hesabu yake si ngumu. Wauza vitambaa hupima uzito kwa gramu katika mita moja ya mraba. Taiti nyingi nzuri za yoga na jimu huanzia gramu 220 hadi 300 hivi. Tuchukue taiti ya gramu 280, kitambaa kizito kabisa, ambayo ikilazwa juu ya meza ina upana wa sentimita 36 kwenye nyonga. Ukiizungusha, mzunguko wake ni sentimita 72. Mvaaji ana nyonga za sentimita 100. Kabla hajafanya lolote, kwa kuivaa tu, amekivuta kitambaa kwa mapana kwa karibu asilimia 39. Sasa achuchumae. Ngozi ya makalio na magoti hurefuka mtu anapojikunja, na nguo inayobana inalazimika kurefuka pamoja nayo. Tuseme imerefuka kwa robo. Eneo lililokuwa sentimita moja ya mraba sasa limekuwa zaidi ya sentimita 1.7, na zile gramu 280 zimebaki kama 161 kwa kila mita ya mraba. Huo ni uzito wa fulana ya kawaida.

Mvaaji huyohuyo akichukua saizi inayofuata, yenye upana wa sentimita 40 mezani, kitambaa kitavutwa kwa mapana kwa robo tu. Akichuchumaa, atabakiwa na gramu 179 hivi. Kwa kupanda saizi moja amejiongezea kitambaa kwa zaidi ya asilimia 10 mahali penye hatari zaidi. Lakini kama taiti ni ya gramu 200 tu, ile ndogo itashuka hadi 115, yaani nyembamba kuliko fulana nyepesi, na hapo hata rangi nyeusi haitaokoa. Ndiyo maana wanaonunua taiti saizi ndogo ili “ikaze vizuri” ndio wanaolalamika mapema zaidi, hata kama kitambaa hakina kosa.

Fundi anayenunua kitambaa kwa mita Kariakoo anaweza kuupata uzito huo bila kumwamini muuzaji kwa maneno. Anakata kipande cha sentimita 10 kwa 10, anakiweka kwenye mizani ndogo ya kupimia dhahabu, na kuzidisha kwa 100. Kipande cha gramu 2.8 kimetoka kwenye kitambaa cha gramu 280.

Hapo ndipo tamko la mwanzilishi wa Lululemon, Chip Wilson, lilipokosea. Novemba 2013, akihojiwa kwenye televisheni ya Bloomberg kuhusu malalamiko ya wateja, alisema miili ya baadhi ya wanawake haifai kwa suruali hizo, akataja mapaja yanayosuguana. Wateja walikasirika, na mwezi uliofuata ilitangazwa kwamba angeachia uenyekiti wa bodi. Hasira yao ilikuwa na msingi wa kifundi pia. Taiti inashonwa ili ivutwe na mwili unaojikunja. Ikishindwa kuustahimili mwili uliomo ndani ya saizi iliyoandikwa kwenye lebo yake, mwenye kosa ni mshonaji aliyepanga saizi hiyo.

Jaribio la dukani, basi, lifanywe nguo ikiwa imevutwa. Kuingiza mkono ndani ya taiti na kutandaza vidole, kama wengi wanavyofanya sokoni, kunasaidia kidogo, lakini mkono haulingani na nyonga. Afadhali mnunuzi ashike kitambaa cha eneo la makalio kwa mikono miwili, akivute mpaka kifike upana ambao mwili wake utakivuta, na kukiinua kwenye mwanga. Kwa yule wa nyonga za sentimita 100, maana yake ni kwamba upana wa sentimita 36 uvutwe mpaka ufikie 50. Nyuma yake awekwe mtu akishika karatasi yenye maandishi makubwa. Herufi zikisomeka, nguo hiyo si ya mazoezi ya kuinama.

Palipo na chumba cha kujaribia, aivae na achuchumae kabisa, kisha ainame na kuiacha kamera ya simu nyuma yake ipige picha, mara moja kwa mwanga wa chumba na mara moja kwa flashi. Taa za chumba cha kujaribia mara nyingi ni hafifu na hutoka juu, wakati jimu nyingi zina taa kali za mirija na vioo kila upande. Flashi hufichua kile ambacho taa ya duka imekistahi. Mahali pa kuangalia ni sehemu ya chini ya makalio na mshono wa katikati. Huko ndiko kitambaa kinakovutwa kwa mapana na kwa marefu kwa wakati mmoja.

Kuna jambo linalowapoteza wengi nalo ni taiti za maua na michoro. Nyingi huchapwa kwa joto juu ya poliesta nyeupe, na rangi inakaa juu tu ya kitambaa. Ikivutwa, vitanzi vinafunguka na weupe wa chini unajitokeza, hivyo maua mekundu yanageuka waridi iliyopauka magotini na kwenye nyonga. Weupe huo si ngozi inayoonekana, lakini unafuata umbo la mwili kiasi cha kumfanya mvaaji ajisikie vibaya. Kitambaa kilichotiwa rangi mpaka ndani hakina tatizo hilo. Namna ya kujua ni kukigeuza: upande wa ndani ukiwa mweupe pe na wa nje una michoro, basi kimechapwa. Hata katika taiti nyeusi unaweza kuona vijimeremeto vyeupe ukivuta, na hivyo ni nyuzi za spandeksi ambazo hazikukolea rangi.

Na nguo ya ndani? Nyeupe ndiyo mbaya kuliko zote chini ya taiti nyeusi, kwa kuwa inaurudisha mwanga. Ya rangi inayokaribiana na ngozi ya mvaaji, isiyo na mshono mnene, haionekani hata kitambaa kikifunguka kidogo.

Spandeksi ndiyo moyo wa nguo hizi. Ilibuniwa mwaka 1958 na mkemia Joseph Shivers katika maabara ya kampuni ya DuPont, jimboni Virginia, Marekani, baada ya miaka mingi ya kutafuta kitu cha kuchukua nafasi ya mpira katika nguo za ndani za kike. Uzi wake unaweza kuvutwa zaidi ya mara tano ya urefu wake na ukarudi. Hautumiki peke yake: katika taiti nyingi za mazoezi huwa kati ya asilimia 10 na 25, na zinazobaki ni nailoni au poliesta. Luon, kwa mfano, iliuzwa kama nailoni asilimia 86 na spandeksi asilimia 14. Kwenye lebo spandeksi inaweza kuandikwa kwa majina matatu, spandex, elastane au Lycra, na yote ni uzi wa aina moja.

Wengi hupima nguo kwa kuangalia inavyovutika, na wanasahau kuangalia inavyorudi. Kurudi ndiko kunakotofautisha taiti itakayodumu na ile itakayokuwa na mifuko magotini baada ya mwezi. Kipimo chake kinahitaji chaki na futi ya fundi tu. Kitambaa kilazwe bila kuvutwa na kuwekewa alama mbili zilizoachana kwa sentimita 10. Kivutwe mpaka alama zifike sentimita 15, kishikiliwe hapo kwa nusu dakika, kiachwe, kisha baada ya dakika moja alama zipimwe upya. Zikirudi kwenye 10, au zikazidi kwa milimita mbili tatu, kitambaa ni kizima. Zikibaki kwenye 10.8 au 11, spandeksi imechoka au haikuwa ya kutosha tangu mwanzo. Kipimo kirudiwe kwa marefu na kwa mapana, maana vitambaa vingi vya bei rahisi vinavutika upande mmoja tu. Hivyo vinamfaa anayetembea kwenye mashine, lakini kwenye yoga kiuno kitashuka kila anapoinama, kwa sababu urefu unaohitajika nyuma unaporwa kutoka juu.

Kwenye mitumba kipimo hiki kina thamani kubwa zaidi, kwa kuwa nguo inaweza kuwa imeshafuliwa mara nyingi kwa maji ya moto na kukaushwa kwenye mashine. Spandeksi iliyokufa huacha dalili. Kitambaa kinakuwa na mawimbi ambayo hayanyooki, hasa kiunoni na kwenye pindo. Vijiuzi vifupi vyenye kung’aa vinachomoza kwenye makalio na kati ya mapaja, na hizo ni nyuzi za spandeksi zilizokatika. Rangi ikiwa bado mbichi na dalili hizo zipo, bei yoyote ni hasara.

Mafundi wanaoshona nguo za mazoezi kwa oda wana mambo mawili ya kuzingatia. Upande unaovutika zaidi uzunguke mwili, si ushuke na mguu, na mshono usiwe ule wa mstari mmoja ulionyooka. Uzi wa mshono huo hauvutiki, hivyo nguo inapovutika uzi unakatika, na kwa kawaida hukatika kwenye mshono wa kati mtu anapochuchumaa. Mshono wa zigizaga au wa ovaloki, kwa sindano ya ncha butu inayosukuma vitanzi badala ya kuvitoboa, ndio unaofaa. Kipande cha umbo la almasi kikiwekwa kwenye msamba, mvuto hausongamani tena mahali pamoja, na nguo inaonyesha kidogo zaidi pale inapopenda kuonyesha.

Sasa jasho. Mwili unapoozwa na jasho linalogeuka mvuke, wala si linalodondoka. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoka na joto la kilokalori 580 hivi, na lita moja ikidondoka sakafuni haiondoi karibu chochote. Kazi ya nguo, basi, ni kulitandaza jasho likauke upesi. Pamba hulinyonya na kulihifadhi ndani ya nyuzi zake. Fulana ya pamba baada ya dakika 40 za mazoezi makali inakuwa nzito, inashikamana na mgongo na inachelewa kukauka. Poliesta yenyewe hainyonyi maji, lakini ikifumwa kwa nyuzi nyembamba sana, maji husafiri katika nafasi zilizo kati ya nyuzi mpaka upande wa nje, na huko yanakauka. Nailoni iko kati: inanyonya kidogo, ni laini zaidi kwenye ngozi na inastahimili msuguano, na ndiyo sababu taiti nyingi za bei ya juu hushonwa nayo.

Hata hivyo, si kila poliesta inasafirisha jasho. Tone moja la maji liwekwe upande wa ndani wa nguo. Likitanuka na kuwa duara pana ndani ya sekunde chache, nguo itafanya kazi. Likikaa juu kama lulu, mvaaji atajihisi amevaa mfuko wa nailoni, hata kama lebo imejaa sifa.

Na kitambaa kina mpaka wake. Katika chumba kisicho na madirisha ya kutosha, Dar es Salaam au Mombasa mwezi Machi, hewa imeshajaa unyevu, na jasho halina pa kwenda hata nguo ikiwa bora namna gani. Hapo feni moja inayopuliza moja kwa moja inasaidia kuliko kubadili fulana ya bei yoyote. Kwa wanaofanya mazoezi wakiwa na hijabu jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa kichwa na shingo hutoa jasho jingi. Hijabu za michezo za poliesta nyepesi yenye matundu, kama ile ambayo Nike ilianza kuiuza mwaka 2017, hazilemewi na maji kama mtandio wa pamba, na matundu yake yanaruhusu upepo wa feni kupita.

Poliesta ina deni lake, na deni hilo ni harufu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya utafiti uliowahusisha watu 26 waliofanya mazoezi makali ya baiskeli za ndani kwa saa moja. Fulana zao zilihifadhiwa kwa saa 28 kabla ya kunuswa na jopo lililofundishwa kazi hiyo. Za poliesta zilinuka vibaya zaidi na kwa ukali kuliko za pamba, na bakteria wa aina ya Micrococcus walikuwa wamestawi hasa kwenye poliesta. Mafuta ya jasho hushika kwenye poliesta na hayatoki kirahisi. Kwa hiyo nguo ya jimu haitakiwi kukaa ndani ya begi mpaka kesho yake. Ikishavuliwa isuuzwe, hata kwa maji matupu, na itundikwe.

Pamba bado ina nafasi yake. Yoga ya polepole na mazoezi mepesi ya kujinyoosha nyumbani hayatoi jasho la kulowanisha nguo, na taiti ya pamba yenye spandeksi asilimia 5 hadi 8 inatosha na haishiki harufu kama poliesta. Rangi ndiyo ya kuangalia. Kijivu cha kati kinaonyesha kila tone la jasho, kwa kuwa kitambaa kikilowa hurudisha mwanga kidogo na kuwa cheusi zaidi. Nyeusi na buluu iliyokoza zinalificha. Nyeupe na rangi nyingine za mwanga zina hatari tofauti. Kikiwa kikavu, kitambaa cheupe kinastiri kwa sababu mwanga unatawanyika kati ya nyuzi na hewa. Maji yakichukua nafasi ya hewa, mwanga unapita moja kwa moja na ngozi inaonekana. Taiti ya rangi hizo ijaribiwe nyumbani ikiwa imeloweshwa kabla lebo haijakatwa.

Katika kufua, adui wa spandeksi ni joto na klorini. Jiki hairuhusiwi kabisa, wala pasi ya moto, wala kuianika juani mchana kutwa. Dawa ya kulainisha nguo nayo iachwe kando: inaacha utando juu ya nyuzi, na lile tone la maji lililotanuka dukani litaanza kukaa kama lulu. Maji ya baridi, sabuni kidogo, nguo imegeuzwa nje ndani, na kivuli chenye upepo vinatosha.

Taiti iliyokuwa ikistiri siku iliponunuliwa haistiri milele. Spandeksi ikichoka, vitanzi vinashindwa kujifunga, na msuguano wa mapaja unapunguza nyuzi kidogo kidogo. Anayefanya mazoezi mara nne kwa wiki akirudia kipimo cha chaki na cha kamera kila baada ya miezi mitatu hivi, ataigundua siku yake ikifika. Akiivaa chini ya dira au fulana ndefu bado itamfaa. Kwenye darasa la kuinama imeshamaliza kazi.